Nakusemea kwa Mama!

Kuna maneno mawili ambayo mtoto wa miaka mitatu pale Ifakara anayajua kuliko mengine yote: mama, na yako. La kwanza ndilo karibu lilikuwa la mwanzo kutoka kinywani mwake. La pili amejifunza katika kugombea kijiko na kandambili. "Mama yako anakuita," ataambiwa asubuhi mpaka jioni, naye atakimbia kwa furaha. Lakini mtoto huyohuyo, mwenzake akimtupia maneno hayohayo kwa kuyakata, "mama'ako!", atalia, au atapiga, au atakwenda ndani mbio kushtaki. Ametukanwa. Mwulize katukanwa nini, atayarudia maneno yenyewe kwa kunong'ona huku akiangalia chini. Ubaya uko wapi hawezi kukueleza, maana kile kipande cha mbele cha tusi, ambacho watu wazima wanakijua na ambacho hudondoshwa ili kubaki na hayo mawili, ama hajakisikia kabisa, ama amekisikia asijue ni kitu gani.

Huwa tunasema mtoto akitukana kwamba hajui anachosema. Maana hajui, hilo ni kweli. Lakini marufuku anaijua, na anaijua vizuri sana. Anajua neno lipi halisemwi mbele ya nani, linasemwa kwa sauti gani, na adhabu yake ni nini. Maana itamfika baadaye, pengine miaka mitano au saba baadaye, na mara nyingi itamfika kwa mtu ambaye sisi wazazi tusingemchagua. Muda huo wa katikati, mtoto akiwa amebeba neno lililofungwa asijue ndani mna nini, ndio ninaotaka kuutazama, na nitautazama katika bonde la Kilombero kwa sababu ndiko nilikowasikiliza watoto kwa muda mrefu zaidi.

Maneno yenyewe sitayaandika. Msomaji anayajua. Na kama mwili wake unashtuka kidogo anapoona tunayakaribia, basi mshtuko huo ndio habari ya makala haya, kwa sababu aliupata kabla hajaenda shule.

Mwaka 1985 watafiti wanne wa Marekani, James Sorce, Robert Emde, Joseph Campos na Mary Klinnert, walichapisha jaribio ambalo kila mzazi angefaa kulijua. Walikuwa na meza ndefu iliyofunikwa kioo. Nusu ya meza, chini ya kioo palionekana sakafu ya karibu. Nusu ya pili, sakafu ilionekana imeshuka ghafla kiasi cha sentimita 30. Kina hicho kilichaguliwa makusudi: si kifupi cha kumfanya mtoto apite bila kufikiri, wala si kirefu cha kumtisha moja kwa moja. Mtoto wa mwaka mmoja aliwekwa upande wa kwanza, mama yake akasimama upande wa pili penye kitu cha kuchezea. Mtoto alitambaa mpaka pale sakafu inapoonekana kushuka, akasita, akamtazama mama. Mama hakutakiwa kusema neno. Alitakiwa kuonyesha uso tu. Kati ya watoto 19 ambao mama zao walionyesha uso wa furaha, 14 walivuka. Kati ya watoto 17 ambao mama zao walionyesha uso wa woga, hakuvuka hata mmoja.

Mtoto wa umri huo hajaweza hata kuomba maji kwa sentensi. Lakini ameshajua kwamba akiwa hana uhakika na jambo, hukumu yake imeandikwa usoni kwa mama. Akifika umri wa kuokota maneno, uwezo huo anao tayari, umekomaa. Analofanya ni kuupeleka kwenye sauti. Analitoa neno jipya, halafu anatazama uso.

Niliona jambo hili likitendeka mwezi wa Juni, mpunga ukiwa umetoka mashambani, kwenye uwanja wa nyumba moja ya Lipangalala. Turubai lilikuwa limetandazwa juani na mpunga umemwagwa juu yake. Mama mwenye nyumba alikuwa anapepeta kwa ungo, majirani wawili wamekaa naye kwenye mkeka. Mwanawe wa mwisho, mvulana ambaye hajatimiza miaka minne, alirudi kutoka bombani alikokwenda na kaka zake kuchota maji. Kuku akapanda juu ya turubai. Mtoto akamkimbilia kumfukuza, na katika kumfukuza akamwita kwa neno zito, lile ambalo hata walevi hutazama pembeni kwanza kabla ya kulitoa.

Ungo ulisimama. Hicho kilikuwa cha kwanza: mkono wa mama, ambao ulikuwa haujapumzika tangu tukae, ulisimama hewani na pumba zikabaki zinaanguka zenyewe. Pili, pakawa kimya. Tatu, jirani mmoja akauficha mdomo kwa ncha ya khanga, mabega yakitikisika kwa kicheko. Ndipo mama akatoa sauti, na haikuwa ya juu, ilikuwa ya chini na fupi: "Wewe!" Dada wa mtoto, wa miaka kama minane, alitokea jikoni mbio na mwiko mkononi: "Hiii! Katukana! Mama, huyu katukana!" Mama akauliza swali ambalo huulizwa katika kila nyumba niliyoijua: "Nani kakufundisha?" Halafu: "Rudia tena nikupake pilipili mdomoni."

Katika muda huo wote mtoto hakulia. Alikuwa anasoma nyuso. Alimtazama mama, akamtazama jirani mwenye khanga, akamtazama dada, akarudi kwa mama. Baada ya kitambo, mazungumzo yetu yaliporudi kwenye bei ya mpunga, nilimwona amejibanza nyuma ya mwembe, kuku yuleyule akiwa mbele yake. Akalisema tena lile neno, kwa kunong'ona, macho yakiwa kwa mama na si kwa kuku.

Tazama alichokuwa amejifunza. Kuhusu maana, hakuna. Kwake neno lile lingeweza kuwa jina la kuku mkorofi. Lakini alikuwa amejua kwamba neno hili linasimamisha mikono ya watu wazima, kwamba lina sauti yake ya kificho, kwamba mama analichukia na jirani analifurahia kwa siri. Hilo la mwisho ndilo linalofanya marufuku isifanye kazi tuliyoitaka. Uso wa mama peke yake ungesema: acha. Uso wa mama pamoja na mabega ya jirani vilisema: hiki ni kitu chenye nguvu, na wewe mdogo unacho. Mtoto asiye na nguvu nyingine yoyote katika uwanja ule, asiyeruhusiwa hata kushika mwiko, angewezaje kukiacha?

Na swali la mama halikumsaidia. "Nani kakufundisha?" linamtafuta mshitakiwa. Jibu lake ni jina la mtoto mwingine, na siku ya pili kuna ugomvi wa mama wawili bombani. Halikuulizwa kabisa anadhani amesema nini.

Askari wa sheria hii, hata hivyo, si mama. Katika bonde, kuanzia mvua za Desemba mpaka mavuno, mama wa nyumba ya wakulima anaondoka alfajiri, au familia inahamia shamba kwa wiki nyingi na watoto wa shule wanabaki mjini na ndugu. Mtoto mdogo analelewa mchana kutwa na dada wa miaka minane au tisa. Dada huyo ndiye anayejua orodha ya matusi na ndiye anayeisimamia, kwa silaha moja: "Nakusemea kwa mama!" Nimewahi kuwakuta watoto wakijadili kwa makini kabisa kama neno fulani ni tusi au siyo, mmoja akitoa ushahidi kwamba fulani alipigwa kwa kulisema, mwingine akipinga kwamba mwalimu mwenyewe alilisema darasani. Maana haikutajwa na upande wowote. Ushahidi ulikuwa fimbo na mwalimu.

Kwa hiyo orodha yao hubeba vitu ambavyo havikustahili kuwamo. Katika nyumba nyingi mtoto akiuliza mdogo wake alitoka wapi huambiwa amenunuliwa hospitali, na pale Ifakara hospitali hiyo ina jina, Mtakatifu Fransisko, kwa hiyo uongo unapata anuani. Siku akilisikia neno "mimba" na kuliuliza, anaona uleule ungo uliosimama. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba mimba ni tusi. Uso umemwambia. Anaiweka pamoja na yale mengine, na atakapofika darasa ambalo mwalimu anaitaja kwenye somo la sayansi, atacheka, na mwalimu atadhani anacheka kwa utovu wa adabu.

Bibi mmoja niliyemfahamu alikuwa ametoka Rufiji, huko chini ambako maji ya Kilombero huishia. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, na mawingu yakikusanyika juu ya milima ya Udzungwa alisema, kama kamusi za zamani zinavyoandika, kwamba mvua inakunya. Wajukuu walikuwa wameshafundishwa shule kwamba mvua inanyesha, na kitenzi kile kingine walikijua kwa kazi moja tu, ya chooni. Mjukuu wa miaka mitano alishika mdomo kwa mikono miwili: "Bibi katukana!" Bibi hakuelewa. Alikuwa amezungumza habari ya mvua kwa maneno aliyopewa na bibi yake. Mtoto amepokea sauti, ameitia alama, na kila sauti ile inapojitokeza, alama inawaka, hata mbinguni.

Walimu wa darasa la kwanza wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Wanafundisha silabi: ma me mi mo mu, ka ke ki ko ku. Kisha wanazipanga pamoja ili mtoto aunde maneno, na kuna silabi mbili katika safu hizo ambazo mwalimu mzoefu haziweki jirani ubaoni, wala hamwachii mtoto kuziunganisha kwa kijiti. Asipoangalia, darasa zima, pamoja na wale ambao wiki nzima wameshindwa kusoma "kaka", watasoma neno lile kwa pamoja na kuanguka chini kwa kicheko. Wengi wao hawajui linataja nini hasa. Wanajua halitakiwi, na hiyo imetosha kuwapa uwezo wa kusoma ambao "kaka" haikuwapa.

Kwamba haya si mambo ya mwili peke yake, usiku unathibitisha. Mtoto anayelala shambani kwenye dungu, wazazi wakilinda mpunga dhidi ya nguruwe na tembo, anaambiwa asipige mluzi gizani na asimtaje nyoka, aseme "kamba". Huyo mtoto nyoka anamjua, ameshamwona. Ila hajui kwa nini jina lake la mchana ni hatari usiku. Analishika hilo kwa njia ileile aliyoshikia tusi: baba aligeuka ghafla, sauti ikashuka, taa ikasogezwa. Nimesikia mtoto wa miaka minne akimkemea mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuliza saa tatu usiku kama huku kuna nyoka. Alimkemea kwa neno lilelile angelitumia kwa mtu aliyetukana: "Hatusemi!"

Bonde la Kilombero lina jambo jingine linaloonyesha mahali ambapo marufuku hukaa. Ni bonde la lugha nyingi. Wandamba na Wapogoro wako kwao. Wambunga, Wabena, Wahehe na Wangoni wamekuwapo kwa vizazi. Reli na viwanda vya sukari vya Kidatu vimeleta watu wa kila upande, na Wasukuma wameingia na ng'ombe wao. Watoto wa mjini wanakua kwa Kiswahili, na lugha ya bibi wanaielewa nusunusu. Bibi wa Kipogoro akikasirika anatukana kwa Kipogoro, maneno ambayo wenzake wa rika lake wakiyasikia hujiziba masikio. Wajukuu wanaendelea na mchezo wao. Wengine hata huyaimba. Wakiambiwa maana yake kwa Kiswahili, tena kwa neno la Kiswahili lenyewe, wananyamaza mara moja.

Mwaka 2003 Catherine Harris, Ayşe Ayçiçeği na Jean Berko Gleason walichapisha utafiti waliofanya kwa watu 32 ambao lugha yao ya kwanza ni Kituruki na wamejifunza Kiingereza baadaye. Waliwafunga vipimo kwenye vidole vya mkono, vinavyoonyesha jasho dogo mno ambalo mtu halioni, lakini ngozi hulitoa moyo unaposhtuka. Halafu wakawasomesha na kuwasikilizisha maneno ya kawaida, matusi, na makaripio ambayo wazazi huwapa watoto. Matusi yaliwashtua katika lugha zote mbili, lakini zaidi katika Kituruki. Tofauti iliyojitokeza waziwazi kabisa ilikuwa kwenye makaripio ya utotoni: kwa Kituruki ngozi iliyajibu, na baadhi walisema walikuwa kama wanawasikia watu wa familia yao wakiwakaripia, lakini kwa Kiingereza yalipita kama maneno mengine. Maana watu hao waliijua katika lugha zote mbili. Kilichokosekana katika Kiingereza ni uso wa mama, mkono uliosimama, na dada anayekimbia kutoka jikoni.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba aibu ya matusi inatokana na yale yanayotajwa. Neno na kisawe chake cha kitabuni vinataja kitu kimoja. Aibu ilikaa katika neno pale lilipokuwa tupu, na maana ilipokuja ikaikuta imeshakaa.

Laiti mambo yangeishia kwenye maneno machafu, nisingekuwa na la kulalamika. Mtoto lazima ajue mipaka, na mbinu ya uso ni ya haraka na haimwumizi. Tatizo ni kwamba uso hauna kalamu nyembamba. Unapolifunga neno, unaufunga pia mwili unaotajwa na neno. Mvulana walau hupewa jina la kitoto, "kidudu" au "dudu", na wajomba hutania nalo. Msichana katika nyumba nyingi hapewi hata hilo. Ana kichwa, ana mkono, ana tumbo, ana goti, halafu ana "huko".

Matokeo yake yanaonekana kwenye benchi la zahanati. Mtoto anaumwa akikojoa, lakini anasema tumbo. Mama anasema tumbo. Mganga anaandika tumbo. Anapewa dawa ya minyoo anarudi nyumbani. Katika bonde la maji ya mpunga, madimbwi na mifereji, tumbo hilo lina uwezekano wa kuwa kichocho. Konokono wa maji hutoa viluwiluwi vya minyoo, viluwiluwi hupenya ngozi ya mtoto anayeoga au kuchota maji, na minyoo ikikomaa hukaa kwenye mishipa ya kibofu, ambapo mayai yake hujeruhi kuta mpaka mkojo unatoka na damu, hasa mwishoni mwa kukojoa. Dalili hiyo inaonekana kwa macho. Haihitaji mashine. Inahitaji mtoto aiseme.

Je, anaweza kuisema? Swali hili liliulizwa rasmi mkoani Morogoro kwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Christian Lengeler wa Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Tropiki, ambayo ilikuwa na maabara Ifakara tangu miaka ya 1950, na wenzake, miongoni mwao Hassan Mshinda ambaye baadaye aliiongoza taasisi ya utafiti ya Ifakara, walitaka kujua katika wilaya ya Kilosa ni shule zipi zimeathirika zaidi na kichocho, bila gharama ya kupima mkojo wa kila mtoto. Walipeleka fomu kupitia ofisi ya elimu, mkono kwa mkono, mpaka kwa walimu. Mwalimu alimwuliza kila mtoto maswali mafupi: je, katika mwezi uliopita umekohoa? Umeumwa kichwa? Umeharisha? Umekojoa damu? Umeumwa kichocho? Swali lililotafutwa lilikuwa limefichwa miongoni mwa mengine, na liliulizwa kwa sauti ileile ya kikohozi. Majibu yalipolinganishwa na vipimo vya mkojo, yalionekana kuzitambua shule zenye hatari kubwa vizuri kiasi kwamba njia hiyo, iliyochapishwa mwaka 1991, ilienda kujaribiwa katika nchi nyingine za Afrika.

Ina mipaka yake. Inaitambua shule, haimtambui mgonjwa mmojammoja. Na ilipotumika sehemu mbalimbali, wasichana walionekana wagumu zaidi kusema kuliko wavulana. Lakini lililonigusa mimi ni lile la sauti. Mwalimu aliyeliuliza swali bila kusimamisha mkono, baada ya kukohoa na kuharisha, alipata jibu kutoka kwa watoto walewale ambao nyumbani walisema "tumbo". Walikuwa wanajua. Walikuwa wanasubiri kuulizwa na uso usiobadilika.

Baya zaidi kuliko kichocho linajulikana, nami nitalitaja mara moja. Mtu mzima anayemshika mtoto mahali asipotakiwa hutegemea hesabu hii: mtoto akienda kusema, itabidi alitamke tusi, na mtoto anajua matusi hupigiwa. Kwa hiyo atanyamaza, na akilazimika atasema "kanifanyia tabia mbaya", maneno ambayo kwa mtoto hutumika pia kwa kuiba sukari. Msikilizaji asiye makini atayapitisha.

Wazee wa bonde hili hawakuwa watu wa kunyamaza kama tunavyowadhania. Kila neno lilikuwa na mahali pake. Bibi alimwita mjukuu wake "mume wangu", akamwogesha akiutaja mwili wake wote kwa utani, na hakuna aliyesema katukana, kwa sababu baina ya babu au bibi na mjukuu utani umeruhusiwa. Watani wa kabila na kabila, kama Wahehe na Wangoni, wanaweza kutupiana mpaka msibani maneno ambayo wengine wakitupiana ni kesi. Msichana wa Kipogoro alipovunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa na wanawake wakubwa, na yale ambayo kwa miaka yote alisikia yakikatwa katikati yalisemwa mbele yake waziwazi, tena kwa nyimbo. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa anabeba neno lililofungwa alikuwa anajua, hata bila kuambiwa, kwamba kuna mtu mwenye ufunguo, na kwamba mtu huyo yupo nyumba ya pili.

Sisemi turudi huko. Mafunzo ya mwali yalikuwa ya kumwandaa awe mke, hayakuwa ya kumlinda, na yalikuja miaka kumi baada ya siku ambayo mtoto alihitaji kusema "nakojoa damu" au "fulani kanishika". Lakini siku hizi tumebaki na nusu moja ya utaratibu ule. Marufuku tumeibeba nzima mpaka kwenye vyumba vya kupanga vya Kibaoni na Mlabani; bibi tumemwacha Malinyi au Mlimba. Nafasi yake imechukuliwa na kaka wa bombani na simu ya jirani, na hao ndio wanaoyafungua maneno kwa watoto wetu.

Mzazi unayesoma, mwanao akishaanza kutaja pua na sikio, mtajie na sehemu zilizobaki, wakati wa kumwogesha, kwa sauti uliyotumia kwa goti. Uume na uke ni maneno ya Kiswahili safi. Kama yanakushinda, tumia la kitoto, ila msichana naye awe nalo. Mwambie pia kwamba majina haya hatuyataji barabarani wala mbele ya wageni, lakini kwa mama, kwa bibi na kwa mganga yanatajwa, na hakuna atakayepigwa kwa kuyataja hapo. Na atakapokuja na neno aliloliokota bombani, usiache kupepeta. Mpigie jirani jicho asicheke. Badala ya kumwuliza nani kamfundisha, mwulize anadhani maana yake nini, umsikilize mpaka amalize, halafu umwambie ukweli kwa kiasi cha umri wake.